Unyevu wa Kuta na Kifua cha Mtoto

(Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya kamati ya tawi mbele ya wanachama wa Thika na Ruiru)



Tumeombwa tuseme juu ya jambo ambalo limeletwa mezani petu mara nyingi tangu mvua ianze. Jambo lenyewe ni kuta zenye maji na kuvu nyeusi katika vyumba tunavyopanga, na watoto wanaokohoa usiku kucha katika vyumba hivyo. Wako wanachama walioandika kwa mwenye nyumba wakapata jibu la rangi. Wako walioambiwa kwamba wao wenyewe ndio wanaoleta maji kwa kupika na kufua ndani. Na wako ambao hawakuandika kamwe, kwa kuwa hawakujua waandike nini, wala kwa nani.

Basi leo twataka kueleza mambo manne: jinsi ya kujua maji yatoka wapi, jinsi ya kuandika, ni nani wa kuja kutazama, na matengenezo ya kweli ni yapi. Ukisahau mengine yote, shika hili moja: usiombe rangi, omba maji yatafutwe.

KUVU HAIJI BILA MAJI

Wengi wetu hapa tumefanya kazi katika mashamba ya kahawa, au wazee wetu walifanya. Mwafahamu kwamba ugonjwa wa matunda ya kahawa huletwa na kuvu, na kwamba huzidi majira ya baridi na mvua. Mbegu yake hukaa juu ya tunda bila kufanya neno mpaka tunda likae na maji kwa saa kadhaa, ndipo huota. Mtu aweza kupiga dawa ya shaba leo na kesho, lakini maji yakiendelea kukaa juu ya mti ugonjwa utarudi. Kwa sababu hiyo watu wa utafiti wa kahawa hapa Ruiru walitafuta mti wenye kuustahimili ugonjwa huo, na mwaka 1985 wakatoa mbuni uitwao Ruiru 11.

Kuvu ya ukutani ni ya tabia ile ile. Mbegu zake ziko hewani kila mahali, hata katika nyumba safi kabisa, wala hakuna awezaye kuzimaliza. Zinachongojea ni maji tu. Ukuta ukikaa mbichi siku kadhaa, huota juu ya rangi, juu ya karatasi ya silingi, juu ya mbao za kitanda. Ukizifuta bila kuondoa maji zitaota tena, na ukizifunika kwa rangi zitaota juu ya rangi.

Nyumba zetu nazo zina mambo yanayokaribisha maji. Nyumba nyingi za Thika, Juja na Ruiru zimejengwa kwa mawe ya Ndarugo yaliyokatwa kwa mashini. Ni mawe mazuri na mepesi kukatwa, lakini yana vitundu vidogo vidogo ndani, nayo hunywa maji. Sehemu nyingi za chini zina udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao ukishashiba mvua huyashika maji kwa majuma mengi. Tena kuanzia Juni hata Agosti tuna baridi na mawingu, jua halionekani, na kuta hazipati nafasi ya kukauka. Ukuta ulionywa maji mwezi wa Aprili waweza kuwa mbichi bado mwezi wa Agosti.

MAJI YA NAMNA TATU

Maji huingia ukutani kwa njia tatu, na kila njia ina alama yake. Yafaa tuzijue, maana dawa ya moja si dawa ya nyingine.

Njia ya kwanza ni kupanda kutoka ardhini. Fundi mwema akimaliza msingi huweka juu yake karatasi ya lami, ile ambayo mafundi huiita dipisii, ili maji ya ardhini yasipande. Karatasi hiyo ikikosekana, au ikipasuka, au udongo ukirundikwa nje mpaka ukaipita, maji hupanda ndani ya jiwe kama mafuta yanavyopanda katika utambi wa taa. Alama yake ni doa linaloanza sakafuni na kupanda, kwa kawaida lisipite kama mita moja, na ukingo wake wa juu huwa kama mstari. Mara nyingi utaona unga mweupe wa chumvi hapo, na lipu hubomoka ukiigusa.

Njia ya pili ni kupenya kutoka nje au kutoka bomba. Mabati yametoboka, mfereji wa paa umevunjika, saruji kati ya mawe imetoka, au bomba la bafu la jirani linavuja ndani ya ukuta. Doa lake huwa mahali pamoja, na huenda likawa juu au katikati ya ukuta. Likikua baada ya mvua, shuku paa, mfereji au ukuta wa nje. Likikua hata siku za kiangazi, shuku bomba.

Njia ya tatu ni mvuke wa humo ndani. Pumzi za watu wanne waliolala chumba kimoja, sufuria inayochemka, nguo zinazoanikwa ndani, vyote hutoa maji hewani. Hata stovu ya mafuta ya taa hutoa maji: ukichoma lita moja ya mafuta, maji yapatayo lita moja hutoka hewani kama mvuke. Mvuke huo ukikutana na ukuta wa baridi hugeuka matone. Alama yake ni kuvu katika pembe za juu, nyuma ya kabati, na kuzunguka dirisha, bila mstari na bila chumvi, nayo huzidi miezi ya baridi.

Kuna jaribio moja lisilo na gharama. Chukua kipande cha nailoni kisichopitisha maji, kama cha ukubwa wa gazeti lililokunjwa, panguse ukuta ukauke juu juu, kisha ukibandike kwa utepe pande zote nne pasipite hewa. Ngoja siku mbili. Ukiona matone upande wa nailoni unaotazama chumba, maji ni ya hewa ya chumbani. Ukiyaona upande unaogusa ukuta, maji yatoka ndani ya ukuta. Jaribio hili si hukumu ya mwisho, maana ukuta wa zamani waweza kutoa yote mawili, lakini lampa mkaguzi mahali pa kuanzia.

MFANO MMOJA

Tutaje mfano wa mwanachama mmoja, mfanyakazi wa kiwandani Thika, aliyepanga chumba cha chini katika nyumba ya ghorofa kule Ruiru. Jina lake hatulitaji, wala la mwenye nyumba. Ana mke na mtoto wa miaka minne. Kitanda cha mtoto kiliegemea ukuta wa nyuma. Mvua za Novemba ziliponyesha, doa lilitokea chini ya ukuta huo, na kufika Januari lilikuwa limepanda sentimita 70, likiwa na kuvu nyeusi. Mtoto akaanza kukohoa usiku, na kifua chake kulia kama filimbi.

Mwenye nyumba alipoambiwa kwa mdomo alimtuma mtu wa rangi. Ukuta ukapakwa, ukapendeza. Baada ya majuma matano rangi ilifura malengelenge, na kuvu ikarudi. Alipoambiwa mara ya pili alijibu kwamba wapangaji wanapika ndani na kuziba hewa.

Sasa tazameni alivyofanya mwanachama huyu. Hakubishana. Alibandika nailoni mahali pawili: kimoja chini nyuma ya kitanda, kimoja juu karibu na silingi. Cha chini kilitoa matone upande wa ukuta. Cha juu kilitoa matone upande wa chumba. Maana yake palikuwa na maji ya namna mbili katika chumba kimoja. Akatoka nje kutazama nyuma ya nyumba. Huko alikuta bomba linaloteremsha maji ya paa limevunjika, maji yote yanamwagika chini ya ukuta ule ule, na udongo uliochimbwa wakati wa kujenga choo umerundikwa ukutani mpaka kupita dipisii.

Hapo hoja ikawa na sura nyingine. Mwenye nyumba alikuwa na ukweli kidogo, maana mvuke ulikuwapo, na matundu ya hewa juu ya dirisha yalikuwa yamezibwa kwa matambara kwa ajili ya baridi. Hilo mpangaji alilitengeneza mwenyewe siku hiyo hiyo: aliyafungua matundu, akaanza kufunika sufuria na kupika dirisha likiwa wazi, akaanika nguo nje. Kuvu ya pembe za juu ilipungua. Lakini doa la chini halikupungua hata kidogo, maana lilitoka nje, nalo halikuwa la mpangaji.

Kwa nini twasema jambo hili kwa urefu? Kwa sababu malalamiko mengi hufia hapa. Mwenye nyumba asema ni mvuke, mpangaji asema ni ukuta, na miezi yapita. Anayefanya sehemu yake kwanza, kisha akaandika tarehe aliyoifanya, amefunga mlango huo wa kusingiziwa.

KIFUA CHA MTOTO

Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya unyevu na kuvu majumbani. Lilieleza kwamba wakaao katika nyumba zenye unyevu huwa katika hatari zaidi ya maradhi ya kifua na ya pumu kuzidi. Halikuweka kipimo cha kuvu ambacho mtu aweza kusema chini yake ni salama. Shauri lake ni kwamba unyevu wenyewe uzuiwe au uondolewe. Kwa hiyo mtu akikuambia ungoje mpaka kuvu ipelekwe kupimwa ijulikane ni ya aina gani, mjibu kwamba maji yaweza kutafutwa bila kungoja kipimo hicho.

Hata hivyo tusikimbilie kusema kila kikohozi ni cha ukuta. Moshi wa jiko na wa sigara huleta kikohozi, na kifua kikuu pia. Mtoto aliyekohoa majuma mawili na zaidi apelekwe hospitali akapimwe. Na mtoto ambaye mbavu zake zinaingia ndani anapovuta pumzi, au ameshindwa kunywa au kusema, au midomo imebadilika rangi, apelekwe saa ile ile, hata kama ni usiku wa manane.

Ukienda hospitali, mweleze daktari habari za chumba. Watu wengi hutaja kikohozi wakasahau kuta. Mwambie mtoto analala wapi, na kikohozi huzidi lini. Mwanachama tuliyemtaja aliandika katika daftari kwamba mtoto alipelekwa kwa bibi yake Murang'a siku kumi, akalala bila kukohoa, na usiku wa pili baada ya kurudi kikohozi kilianza tena. Huo si uthibitisho kamili, lakini ni neno ambalo daktari aweza kulitumia. Mwombe aandike katika karatasi ya matibabu kwamba mtoto ana shida ya kupumua na kwamba asilale penye unyevu na kuvu. Mistari miwili hiyo ina nguvu mbele ya mkaguzi kuliko maneno mengi ya mpangaji.

Huku mkingoja, mwondoe mtoto katika ukuta ule. Sogezeni kitanda angalau shibiri moja kutoka ukutani hewa ipite, au alale upande mwingine. Na tafadhali sana msiwashe jiko la makaa ndani ili kukausha chumba. Hewa ya makaa haina harufu ya kukuamsha, nayo huua watu usingizini.

BARUA

Neno la mdomo hupotea. Andika barua, fanya nakala mbili, na ya kwako itiwe sahihi na tarehe na aliyeipokea, awe mwenye nyumba, ajenti wake au mwangalizi. Akikataa kutia sahihi, mpelekee picha ya barua kwa simu na uhifadhi ujumbe huo usiufute. Barua iwe fupi, nayo iwe kama hivi:

"Kwa Mwenye Nyumba. Kuhusu unyevu na kuvu katika chumba nambari 6.

Bwana, nakuarifu kwamba ukuta wa nyuma wa chumba hiki una maji tangu tarehe 12 Novemba. Doa linaanza sakafuni, limefika sentimita 70, lina unga mweupe na kuvu nyeusi. Nilikuarifu kwa mdomo tarehe 4 Januari, ukuta ukapakwa rangi tarehe 10 Januari, na doa likarudi tarehe 14 Februari. Nje ya ukuta huo bomba la maji ya paa limevunjika na udongo umerundikwa. Tangu tarehe 15 Februari ninaacha matundu ya hewa wazi na sianiki nguo ndani. Mtoto wangu wa miaka minne ana shida ya kupumua, na nakala ya karatasi ya hospitali iko hapa pamoja na picha tano.

Naomba mambo matatu. Kwanza, mtu ajuaye ujenzi aje akague ndani na nje, na anijulishe kwa maandishi maji yatoka wapi. Pili, chanzo cha maji kitengenezwe kabla ya lipu na rangi. Tatu, nijulishwe siku ya kuanza kazi. Naomba ukaguzi ufanyike katika siku 14 tangu tarehe ya barua hii. Kodi yangu nimelipa mpaka mwezi huu. Wako, mpangaji."

Angalieni mambo mawili katika barua hiyo. Haina tusi wala tisho, ina tarehe na vipimo. Piga picha ya doa ukiwa umeweka futi ya kupimia kando yake, na uipige mahali pale pale kila juma, ili ionekane kama linakua. Jambo la pili ni kodi. Msiache kulipa kodi kwa hasira. Mwenye nyumba anayedai kodi aweza kupeleka dalali achukue vyombo vyenu kwa sheria, na hapo nyinyi mtakuwa ndio wenye kosa.

NI NANI WA KUJA KUTAZAMA

Siku 14 zikipita kimya, nenda kwa Bwana Afya, ndiye afisa wa afya ya umma, katika ofisi ya kaunti ndogo yako, Thika au Ruiru. Mpelekee nakala ya barua, picha na karatasi ya hospitali, uandikishe malalamiko, na uondoke na tarehe na jina la aliyeyapokea.

Nguvu yake yatoka katika Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242. Kifungu cha 118 chahesabu kuwa ni kero nyumba yoyote ambayo kwa ujenzi wake au hali yake yadhuru afya au ni hatari kwa afya. Kifungu cha 119 chatoa uwezo wa kumpa aliyesababisha kero hati ya kumwamuru aiondoe katika muda utakaoandikwa humo. Na hapa pana neno ambalo kila mpangaji yafaa alijue: ikiwa kero yatokana na kasoro ya ujenzi, hati hupewa mwenye nyumba. Asipotii aweza kupelekwa mbele ya hakimu.

Sasa mnaona kwa nini twasisitiza kutafuta chanzo. Bwana Afya akiona mvuke tu, atakushauri ufungue dirisha, naye atakuwa na haki. Akionyeshwa udongo uliopita dipisii na bomba lililovunjika, ameona kasoro ya ujenzi, na hati yajua kwa kwenda. Basi akija usimwonyeshe chumba peke yake. Mzungushe nyuma ya nyumba.

Wale ambao kodi yao ya kawaida haizidi Sh. 2,500/- kwa mwezi wako pia chini ya Sheria ya Kuzuia Kodi, Sura ya 296, nao waweza kupeleka shauri la matengenezo mbele ya baraza la sheria hiyo. Kwa kodi za siku hizi vyumba vya namna hiyo vimekuwa vichache. Wa kodi kubwa zaidi, njia yao ni hakimu wa kawaida.

Wanaokaa katika nyumba za mwajiri wana njia ya karibu zaidi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 31, yamtaka mwajiri ampe mfanyakazi makao yanayofaa, au amlipe fedha za kutosha kupanga. Mwajiri akichagua kutoa nyumba, nyumba yenye maji ukutani haifai. Hao waandike barua ile ile kwa meneja, na nakala kwa mwakilishi wa chama mahali pa kazi. Vyumba kumi vya laini moja vikiwa na doa moja, iandikwe barua moja yenye vyumba kumi.

YALIYOTOKEA ROCHDALE

Kuna kisa kimoja cha Uingereza ambacho chafanana na mambo yetu. Katika mji wa Rochdale aliishi mtoto aitwaye Awaab Ishak, ambaye wazazi wake walitoka Sudan. Nyumba yao ilikuwa ya shirika la nyumba za kupangisha. Baba yake alitoa habari za kuvu mwaka 2017, kabla mtoto hajazaliwa, akaambiwa aifunike kwa rangi. Kuvu ikarudi. Walilalamika tena mwaka 2020, na ukaguzi ukafanywa, lakini matengenezo hayakufanywa. Lawama ilielekezwa kwa jinsi familia ilivyooga na kupika. Awaab alifariki mwezi wa Desemba mwaka 2020, siku nane baada ya kutimiza miaka miwili. Mwaka 2022 afisa aliyechunguza kifo hicho aliamua kwamba kilitokana na maradhi ya kifua yaliyoletwa na kukaa muda mrefu katika kuvu ya nyumba ile.

Baada ya hapo sheria ilibadilishwa huko mwaka 2023, nayo yaitwa kwa jina lake. Tangu tarehe 27 Oktoba 2025 mashirika ya nyumba za namna hiyo hupewa muda uliohesabiwa: hatari ya dharura ishughulikiwe katika saa 24, hatari kubwa ichunguzwe katika siku 10 za kazi, na ikithibitika, nyumba ifanywe salama katika siku 5 za kazi tangu uchunguzi kumalizika. Mpangaji naye hupewa matokeo kwa maandishi.

Sheria yetu ya Sura ya 242 haihesabu siku kwa namna hiyo. Muda huwekwa na mwenye kutoa hati. Ndiyo maana katika barua tuliweka siku 14 sisi wenyewe, na ndiyo maana tunataka tarehe katika kila mstari. Wakati usiohesabiwa na sheria yapasa uhesabiwe na daftari.

MATENGENEZO YA KWELI

Sasa tuseme mwenye nyumba amekubali. Utajuaje kama kazi ni ya kweli? Tazama mpango wake.

Kazi huanza nje. Katika mfano wetu, udongo ulichimbwa ukaondolewa mpaka ukashuka kama inchi 6 chini ya dipisii. Bomba la paa likawekwa jipya na kupelekwa mbali na ukuta. Chini ya ukuta ikamwagwa saruji yenye mteremko wa kutoa maji nje. Kazi hiyo yote ilikwisha kwa siku tatu, nayo ndiyo iliyoponya ukuta. Mahali ambapo dipisii haikuwekwa kabisa kazi huwa ngumu zaidi, maana hapana budi ukuta ukatwe kidogo kidogo na kuwekewa, na kazi hiyo yataka fundi ajuaye.

Kisha ndani. Lipu iliyooza yenye chumvi hubanduliwa mpaka kupita mstari wa doa kama futi moja, maana chumvi ikiachwa itavuta unyevu tena. Halafu ukuta waachwa wazi ukauke, na hapa ndipo watu hukosa subira. Mafundi hukadiria mwezi mmoja kwa kila inchi ya unene, hewa ikipita vizuri. Jiwe la inchi 6 basi laweza kutaka miezi sita. Ukipiga lipu na rangi ya mafuta upesi, umeyafungia maji ndani, nayo yatapanda juu zaidi kutafuta njia. Ile nailoni yaweza kutumika tena: ikikaa siku mbili bila tone upande wa ukuta, hiyo ni dalili njema ya kuanza lipu.

Kuvu yenyewe husafishwa mtoto akiwa ametolewa chumbani. Vaa glavu na kitambaa cha kufunika pua, fungua dirisha, futa kwa maji ya sabuni na tambara lililoloana. Usisugue kwa brashi kavu, maana mbegu zitaruka hewani. Ukitumia jiki, itumie yenyewe na maji tu. Usiichanganye kamwe na asidi ya choo wala dawa nyingine ya kusafishia, maana hutoa hewa ya sumu. Silingi laini au godoro lililoingiwa na kuvu halisafishiki, hutupwa.

Mtoto wa mwanachama wetu alihamishiwa upande wa pili wa chumba wakati ukuta ukikauka, akaendelea na dawa za hospitali. Kikohozi cha usiku kilipungua majuma machache baada ya kazi ya nje. Pumu anayo bado, na vumbi la barabarani humsumbua, lakini ukuta hauko tena katika orodha.

Ndugu, nakala za barua ile ziko kwa katibu wa tawi, na futi ya kupimia ipo ya kuazima. Aliye na doa ukutani na alete tarehe aliyoliona, vipimo vyake, na habari za nyuma ya nyumba. Asiyejua kuandika aje Jumamosi, tutaandika pamoja naye.